Mirija ya pua lita 2 na Venturi ya 28%: zote asilimia 28, kwa nini jibu ni moja tu?

Binti wa Kihonda

Habari za jioni wakuu, na shikamooni wakubwa zangu wa wodini. Nina mtihani wa leseni ya uuguzi mwezi ujao na maswali ya vifaa vya oksijeni yananiangusha kila nikijipima. Jedwali nimelikariri hadi naliota: mirija ya pua lita 1 hadi 6 kwa dakika, asilimia 24 hadi 44, barakoa ya kawaida lita 5 hadi 10, inafika kama 60, barakoa yenye mfuko lita 10 hadi 15, inaweza kupita 80. Kwa mirija nimefundishwa kuanza na 20, kisha kuongeza 4 kwa kila lita.

Swali lililoniliza ni hili. Mzee wa miaka 62, mvutaji sigara wa muda mrefu, ana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Amekuja amebanwa, anapumua mara 32 kwa dakika, pumzi fupi fupi, SpO2 ni 84%. Daktari anataka apewe oksijeni ya asilimia 28 kwa uhakika. Uchague kifaa:

A. Mirija ya pua, lita 2
B. Barakoa ya kawaida, lita 3
C. Barakoa ya Venturi ya 28%, lita 4
D. Barakoa yenye mfuko, lita 15

Nikachagua A. 20 na 8 ni 28, mzee haogopi barakoa, ataongea, atakula. Wameweka C. Kama zote zinatoa 28, kosa langu liko wapi?

Mtu wa Theatre

Kanuni ni moja, mdogo wangu: mgonjwa wa namna hiyo usimpe zaidi ya lita 2, oksijeni nyingi inamzimia hamu ya kupumua. Kwa hiyo A ilikuwa sahihi kabisa. Hao waliotunga wamekosea.

Sista wa Kifua

Marahaba binti. Kaka wa theatre ameshika nusu, nitamrudia. Wewe nisikilize kwanza, maana ukilielewa hili jedwali halitakusumbua tena.

Mtu mzima aliyetulia, pale anapovuta pumzi, hewa inaingia kwa kasi ya kama lita 30 kwa dakika. Usichanganye na jumla ya hewa anayotumia dakika nzima, hiyo ni ndogo. Nazungumzia kasi ya ule mvuto wenyewe. Sasa mirija yako inamletea lita 2 tu za oksijeni. Zile 28 zilizobaki anazitoa wapi? Chumbani, hewa ya kawaida yenye oksijeni asilimia 21. Piga hesabu: 28 mara 0.21 ni 5.88, jumlisha 2 unapata 7.88, gawa kwa 30. Ni kama asilimia 26.

Huyo mzee wako amebanwa. Mvuto wake unaweza kufika lita 60. Mirija bado inaleta 2 zile zile, na sasa 58 zinatoka chumbani. 58 mara 0.21 ni 12.18, jumlisha 2, gawa kwa 60: hata 24 haifiki. Hujagusa kitu kwenye mtungi, lakini dozi imeshuka kwa sababu mgonjwa amebadilika. Akitulia itapanda tena. Hicho ndicho swali linakipima kwa maneno "amebanwa", "mara 32" na "kwa uhakika".

Venturi inafanya kazi kwa njia nyingine. Oksijeni inapita kwenye tundu jembamba kwa kasi na kuvuta hewa ya nje kupitia vidirisha vya pembeni, kwa uwiano uliopimwa kiwandani. Ile ya 28% huvuta kama sehemu 10 za hewa kwa sehemu 1 ya oksijeni. Ukiweka lita 4, zinaingia 40 za hewa, mgonjwa anapokea lita 44 zilizokwisha kuchanganywa. Akivuta kwa 30, zinatosha na kubaki. Akivuta kwa 40, bado zinatosha, hana haja ya kuchukua hewa ya chumbani. Ndiyo maana inaitwa ya uhakika.

Binti wa Kihonda

Asante sana Sista, nimeandika daftarini. Ila hesabu yako ya mtu aliyetulia imetoa 26 na jedwali linasema 28. Nani mkweli?

Sista wa Kifua

Swali zuri. Kati ya pumzi moja na nyingine kuna kituo kidogo, na mirija haisimami. Oksijeni inajikusanya puani na kooni, pumzi inayofuata inaanza na ile akiba. Ndiyo inayosogeza namba juu kidogo. Anayepumua mara 32 hana kituo, akiba hiyo hana. Kwa hiyo ile 20 na 4 kwa kila lita ni makadirio ya mgonjwa aliyetulia. Kwenye mtihani itumie pale tu wanapouliza asilimia na hawajakuonyesha mtu anayehangaika.

Mama Pacha

Samahani kuingilia. Mama yangu yuko nyumbani na ile mashine ya umeme inayochuja oksijeni, mwisho wake ni lita 5. Usiku anasema hewa haimtoshi. Jirani kanipa barakoa yenye mfuko aliyobaki nayo, nimvalishe badala ya mirija?

Mlinzi wa Zamu

Mama Pacha, usimvalishe hiyo. Mfuko ule unahitaji lita 10 na zaidi ili ujae. Ukiuweka kwenye lita 5 mama atauvuta unywee, na vile vilango vya barakoa vinazuia hewa ya nje isiingie kwa urahisi, atajikuta amebanwa kuliko mwanzo. Mrudishie mirija kwa kiwango alichoandikiwa. Na kama kweli analalamika usiku, mpeleke akapimwe, usimsubirie kliniki yake. Midomo ikiwa ya bluu, akisinzia ovyo au akishindwa kumaliza sentensi, ni usiku huo huo.

Binti, na wewe liweke hili kichwani, linakuja kama swali: "Muuguzi anakuta mfuko umenywea kabisa kila mgonjwa akivuta." Angalia kwanza kama mpira umechomoka au umejikunja, kisha ongeza mtiririko mpaka mfuko ubaki umejaa hata akivuta. Na unajazwa kabla ya kumvalisha, siyo baada.

Mtu wa Theatre

Sista, nimekubali kwa Venturi. Lakini lile la lita 2 silirudishi, nimeona mwenyewe mgonjwa akisinzia baada ya kupewa nyingi.

Sista wa Kifua

Na mimi nimeona, kaka yangu, sikupingi hapo. Oksijeni ikizidi, kwa baadhi ya wagonjwa hawa kabonidayoksaidi hupanda kwenye damu, mtu anaanza kuumwa kichwa, mikono inamtetemeka, kisha usingizi. Sababu siyo hamu ya kupumua peke yake. Oksijeni nyingi pia inafungulia damu sehemu za mapafu zisizopata hewa vizuri, na damu yenyewe inabeba kabonidayoksaidi kidogo kuliko mwanzo. Kipi kinachangia zaidi, hata mabingwa bado wanabishana.

Ninachokataa ni lita 2 kuwa ukuta. Lengo ni SpO2 kati ya 88 na 92, na kifaa kinafuata lengo. Akija na 65, midomo imebadilika rangi, anaanza kuchanganyikiwa, ukamwekea lita 2 kwa kuogopa, atafia mkononi mwako kwa kukosa oksijeni. Huyo anawekwa barakoa yenye mfuko, unabaki naye kitandani, daktari anaitwa, na unashusha mara tu namba inapofika kwenye lengo. Binti, mzee wa swali lako alikuwa na 84 na amri ya daktari ipo wazi, ndiyo maana D haikufaa. Wangeandika 65 na hakuna amri ya 28, ningefikiri upya.

Zahanati ya Mwisho wa Lami

Nawasoma kwa makini. Huku kwetu Venturi naiona kwenye picha tu. Tuna mirija, barakoa za kawaida na mtungi mmoja. Mzee kama huyo nampa mirija lita 1, nakaa na kipimo cha kidoleni, napanda polepole mpaka 88. Nikijibu mtihani kama ninavyofanya kazi, nafeli?

Sista wa Kifua

Unachofanya ni sahihi kwa vifaa ulivyonavyo, kwa sababu unafuata mgonjwa badala ya namba ya mtungi. Mtihani unadhani kabati limejaa. Kukiwa na Venturi kwenye machaguo na wameomba asilimia kamili, chagua Venturi. Isipokuwepo, mirija kidogo kidogo ndiyo jibu. Lakini usikimbilie B.

Binti wa Kihonda

B niliiacha kwa kuwa lita 3 ziko chini ya 5 kwenye jedwali. Sababu yenyewe sikuijua.

Mlinzi wa Zamu

Weka kiganja mdomoni upumulie humo. Ile hewa ya moto uliyoitoa ndiyo utakayoivuta tena. Barakoa ya kawaida ni kiganja cha plastiki chenye matundu. Lita 5 na kuendelea zinaisukuma hewa chafu itoke kabla ya pumzi inayofuata. Lita 3 hazina nguvu hiyo, anarudishiwa kabonidayoksaidi yake mwenyewe. Kwa mzee ambaye tayari inamjaa, B ni mbaya kuliko zote. Vitabu vingine vinaanzia 5, vingine 6, usiumize kichwa, watunzi hawakutegi kwa tofauti ya lita moja.

Kitu kingine cha Venturi: zamu moja ya baridi nilikuta mgonjwa SpO2 imepanda hadi 97, mtungi uko lita 4 kama ilivyoandikwa. Ndugu yake alikuwa amemfunika blanketi mpaka shingoni, vidirisha vya hewa vimezibwa. Hewa ya nje haiingii, oksijeni inapanda, na jumla ya mtiririko inashuka. Nilishusha blanketi tu. Na rangi za vile vichwa hutofautiana kwa watengenezaji, soma asilimia na lita zilizochapwa juu yake.

Binti wa Kihonda

Nijaribu na nyingine niliyoikuta leo. Mgonjwa yuko Venturi ya 28% lita 4, muuguzi anapandisha hadi lita 6 bila kubadilisha kichwa. Asilimia inakuwaje? Nimesema inabaki karibu 28, kwa sababu uwiano wa 10 kwa 1 haujabadilika, ila jumla inatoka 44 hadi 66. Kitabu changu cha mazoezi hakina majibu nyuma.

Sista wa Kifua

Umepata. Na faida yake ni hiyo 66: aliyebanwa sana hatachukua ya chumbani. Sasa kabla hujalala, chukua kichwa cha 60%, lita 15. Uwiano wake ni karibu 1 kwa 1. Niambie jumla anayopokea, kisha niambie mzee anayevuta kwa 60 anapata kweli asilimia 60 au la.

Binti wa Kihonda

15 na 15 ni 30. Anavuta 60, kwa hiyo 30 nyingine ni za chumbani... Sista, basi hapati 60, ni kama 40 tu! Kwa hiyo na Venturi nayo ina mwisho wa uhakika wake?

Sista wa Kifua

Ndiyo. Kadiri asilimia inavyopanda, vidirisha vinaruhusu hewa kidogo, na jumla inapungua. Huyo wa mwisho ndipo zinapoingia mashine za mtiririko mkubwa zinazofika lita 60 kwa dakika kupitia puani. Tutaziongelea kesho nikitoka zamu ya usiku.