Nimeloweka maganda ya malimau kwa ajili ya limonchelo: nichuje sasa au niache?

Kipepeo_Usiku (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Wajuvi nisaidieni haraka. Nimeloweka maganda ya malimau kwenye spiriti isiyo na ladha, natengeneza limonchelo ya nyumbani. Kila maelezo ninayosoma yana lake: huku siku nne, kule mwezi, mwingine siku themanini! Mtungi una siku chache tu kabatini gizani na maganda yameanza kupauka. Wikiendi nina wageni na nimeshawaahidi. Msinipeleke mbali, nataka idadi ya siku tu.

Sauti_Nyikani
Wageni hawana maji ya kunywa hadi uwatengenezee kileo kwa mikono yako? Tafakari, ndugu yangu.

Kibuyu_Tupu
Mkuu, mwaliko wangu naona umepotea njiani. Nitumie tena.

Mzee_wa_Mitungi
Siku hazihesabiwi kabla ya kujua spiriti ina asilimia ngapi. Ya 95 au 96 inanyonya mafuta ya ganda upesi, siku nne hadi wiki moja kazi imekwisha. Ya 40 inakwenda polepole, wiki mbili hadi nne. Sasa yako ni ipi? Na ni ya kunywa kweli? Ile ya viwandani au ya kusafishia huwekewa sumu makusudi ili isinyweke, na kuchuja hakuitoi.

Mama_Pilipili
Mimi nilifanya ya machungwa. Nikaisahau dirishani, na mtungi wenyewe ulikuwa wa kioo cheupe unaopigwa na jua kila mchana. Nilipofungua ilinuka kama dawa ya kung'arishia fanicha. Shemeji yangu akanywa vivyo hivyo, akaomba na ya pili. Yule hana ulimi. Ila machungwa yana ganda tamu kuliko malimau, jaribu hayo.

Kipepeo_Usiku
Ni ya kunywa, msiogope. Ya kawaida tu, ya dukani. Sasa niache siku ngapi?

Dokta_Chupa
Pombe haina haraka. Acha miezi mitatu, kadiri inavyokaa ndivyo inavyokolea. Na ukitia shira ikawa na ukungu ujue imeharibika, mwaga.

Mzee_wa_Mitungi
Dokta, kwenye kukolea uko sahihi mwanzoni tu. Mafuta ya ganda yana kikomo, yakishatoka yote kinachoendelea kutoka ni uchungu. Na ukungu si uharibifu. Mafuta yanayeyuka kwenye kileo kikali lakini hayapatani na maji, kwa hiyo shira ikiingia yanatawanyika vitone vidogo sana na kinywaji kinakuwa kama maziwa ya njano. Wengi wanautafuta ukungu huo. Cha kutilia shaka ni mafuta yakipanda juu na kukaa kama utando.

Kipepeo, umesoma swali langu ukaliruka. Asilimia ngapi?

Kipepeo_Usiku
Haya, ni vodka ya 40. Lakini sioni tofauti, zote ni pombe. Na shira nimeshapika, imepoa, siwezi kuimwaga. Maelezo yanasema lita moja ya spiriti, lita moja na robo ya maji, kilo moja ya sukari. Nimefuata kama yalivyo.

Mzee_wa_Mitungi
Hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Hayo maelezo ni ya spiriti ya 96. Piga hesabu nami. Kilo ya sukari ikiyeyuka inachukua nafasi ya takriban lita 0.6. Ukijumlisha na maji na spiriti unapata kama lita 2.85. Spiriti ya 96 ina mililita 960 za kileo halisi, gawanya kwa 2.85, unapata asilimia 33 na ushee. Hiyo ndiyo limonchelo.

Yako ina mililita 400 tu za kileo. Gawanya kwa ile ile 2.85, unapata 14. Hiyo ni shira yenye harufu ya limau. Friza la nyumbani litaigandisha nusunusu kama theluji, na wageni wako watakula kwa kijiko.

Kwa lita yako ya 40, yeyusha gramu 300 za sukari kwenye mililita 200 za maji. Utapata kama lita 1.4 yenye asilimia 28 au 29. Usitarajie ukungu mzito kama wa 96. Shira uliyopika weka kwenye friji, utaitumia kwa sharubati.

Kibuyu_Tupu
Kula kwa kijiko siyo mbaya. Naleta kijiko changu.

Hakimu_Mkavu
Wakuu, samahani, hii ni chai. Soma bandiko la kwanza: maganda "yameanza kupauka" baada ya siku chache tu. Kwenye 40 ganda la njano halipauki haraka hivyo. Kwenye 96 ndiyo linabaki jeupe, kavu, ukilikunja linakatika kama karatasi. Ama vodka ni ya uongo, ama maganda hayapo kabisa. Mleta uzi anatuchezesha.

Mama_Pilipili
Mimi pia nilishangaa lakini nikanyamaza.

Kipepeo_Usiku
Chai ya nini? Nitunge hadithi ya malimau ili nipate faida gani? Mtungi huu hapa mbele yangu, maganda meupe kabisa upande mmoja.

Mzee_wa_Mitungi
Upande mmoja?

Kipepeo_Usiku
Upande wa ndani. Nilimenya kwa kisu cha jikoni, vipande vinene kidogo. Mbona hata ganda lote linatoka kwenye limau hilo hilo. Sikutaka kupoteza.

Hakimu_Mkavu
Nafuta kauli. Si chai, ni uvivu wa kumenya.

Mzee_wa_Mitungi
Basi hayajapauka, unaangalia nyama nyeupe ya ganda. Hiyo haina mafuta ya harufu, ina uchungu, na spiriti ya 40 ina maji mengi yanayoutoa vizuri. Ukiacha wiki nne kama nilivyosema mwanzo utaharibu, maana nilihesabu kwa ganda jembamba.

Chuja leo, tupa hayo. Osha malimau mengine kwa maji ya moto na brashi, yana nta. Menya kwa kimenyeo, njano tupu, jembamba kiasi cha kuona mwanga upande wa pili. Malimau nane hadi kumi kwa lita. Loweka upya kwenye spiriti hiyo hiyo, tikisa kila siku. Kabla ya kutia shira, jaribu kwa kiasi kidogo: mililita 100 za spiriti, 20 za maji, gramu 30 za sukari. Weka usiku mmoja, onja ikiwa baridi.

Dokta_Chupa
Mimi ningeacha tu, sukari inafunika uchungu.

Mzee_wa_Mitungi
Inaupunguza, haiuondoi. Kama umeshakuwa mkali sasa hivi, hata maganda mapya hayatauondoa, yataongeza harufu tu. Ndiyo maana nasema aonje.

Kipepeo_Usiku
Nimeonja. Uchungu upo, ila si sana, unakuja mwishoni. Nadhani wageni hawatagundua. Nitachuja nusu niwape wikiendi kwa shira ile ile, nusu niloweke upya na ganda jembamba.

Mzee_wa_Mitungi
Shira ile ile?

Kipepeo_Usiku
Kidogo tu, mkuu.

Mama_Pilipili
Na kama mtu ana machungwa na malimau pamoja, anachanganya mtungi mmoja au anatenga? Sijajibiwa.