Naomba ushauri: shairi la siku ya kuzaliwa ambalo emoji zinashika nafasi ya maneno ya vina

Binti wa Chumbageni

Habari za jioni wanajukwaa. Shoga yangu wa tangu shule ya msingi anatimiza miaka 30 Jumamosi hii, nami nimemtungia shairi fupi la tarbia ambalo baadhi ya maneno yenye vina nimeyaondoa na kuweka emoji, ili alisome huku akifumbua. Yeye ni mpenzi wa mafumbo, ndiyo maana nikapata wazo hilo. Katika ubeti wa kwanza vina vya ukwapi, kipande cha kwanza cha mshororo, ni -zi na vya utao, kipande cha pili, ni -ki, na kila kipande nimekihesabia mizani nane.

*Salamu zenye mapenzi, nakupa wewe rafiki,*
*Umeng'ara kama 🌙, leo tunakata 🎂,*
*Nimekuletea 🥥, tule wali na 🐟,*
*Uishi bila simanzi, tukuimbie 🎶.*

Ubeti wa pili:

*Tangu tukiwa watoto, wewe kwangu kama ☀️,*
*Leo napuliza 🎈, nakuchumia na 🌸,*
*Umevuka kila mto, kwa hatua na hatua,*
*Zitimie zako ndoto, na heri zikachanua.*

Shida niliiona nilipowapa binamu zangu wawili walisome kwa sauti. Wa kwanza alisoma "nimekuletea dafu", na mwisho wa ubeti akasema "tukuimbie wimbo". Wa pili alifika kwenye 🎈 akasema "baluni", na kwenye 🌸 akasema "waridi". Nikisoma mwenyewe linaimbika vizuri, kwa kuwa nayajua maneno niliyoyaficha, lakini wao waliniharibia vina vyote bila kukusudia. Je, nibadilishe emoji, nipunguze idadi yake, au niandike majibu chini ya shairi?

Kijana wa Nakuru

Hongera kwa kumkumbuka rafiki yako. Ushauri wangu ni kwamba uweke 🎉🎉 mwishoni mwa kila mshororo, kisha umalizie na 🥳, kwa sababu shairi la sherehe likiwa na rangi nyingi humfurahisha mtu kabla hata hajalisoma.

Binti wa Chumbageni

Asante kaka, ila sizitafuti emoji za pambo. Emoji hapa inasimama badala ya neno lenyewe, kwa hiyo msomaji asipoitamka sawasawa, kina kinapotea.

Malenga Mstaafu

Binti, kosa haliko kwenye emoji peke yake. Kina hukaa kwenye silabi ya mwisho, na silabi hiyo ndiyo uliyoifunika kwa picha. Picha haina sauti, kwa hiyo msomaji hutamka jina la kwanza linalomjia. Maneno yanayoizunguka picha ndiyo yanayopaswa kumwongoza, na hasa kitenzi. Angalia mshororo wako wa tatu. "Nimekuletea" ni kitenzi kinachokubali chochote: dafu huletwa, nazi nayo huletwa. Sasa andika "Nimekukunia 🥥". Mizani zinabaki zilezile, ni-me-ku-ku-ni-a na-zi, nane kamili, na hakuna mtu wa pwani atakayesoma dafu, kwa kuwa dafu halikunwi. Kitu kinachokunwa kwa mbuzi, kisha kikakamuliwa tui na kubakiza machicha, ni nazi tu, na wali unaofuata kwenye utao unamthibitishia msomaji jambo hilohilo.

Kwenye 🎶 wewe mwenyewe ndiye uliyempoteza binamu yako. Uliandika "tukuimbie", na kinachoimbwa ni wimbo, kwa hiyo alisoma kama Kiswahili kinavyomwelekeza. Muziki hupigwa. Andika "tukupigie 🎶", tu-ku-pi-gi-e mu-zi-ki, nane vilevile, na neno "wimbo" litakosa mahali pa kuingia. Ulinganishe na "tunakata 🎂", ambapo hukupata tatizo lolote, kwa sababu miongoni mwa yale yanayoweza kuonwa katika picha ile, kinachokatwa ni keki.

Mpenda Guni

Kwa heshima zote, mimi nadhani mnajisumbua. Kina ni uti wa mgongo wa shairi na hakifichwi. Emoji ziwekwe katikati ya kipande, mbali na ukwapi na utao, kwa mfano "tule 🐟 kwa wali", hapo hata mtu akikosea jina, shairi halitaharibika.

Malenga Mstaafu

Una haki nusu, ndugu yangu. Ni kweli kwamba emoji ya katikati haigusi kina, lakini bado inagusa mizani, kwa maana mtu akimwita samaki "papa", silabi tatu zinakuwa mbili na kipande kinapwaya. Mfano wako wenyewe, tu-le sa-ma-ki kwa wa-li, una mizani nane, lakini umemwachia binti kina cha -li ambacho ubeti hauna. Zaidi ya hayo, mchezo anaoutaka binti uko palepale kwenye kina: rafiki yake akishasikia -ki mara moja, sikio lake linaanza kudai -ki nyingine, na hilo dai ndilo linalomsaidia kufumbua picha. Kina kinakuwa ufunguo wa fumbo.

Kwa sababu hiyo mshororo wa kwanza wa kila ubeti uandikwe kwa herufi tupu pande zote mbili. Ubeti wa kwanza umefanya hivyo, una "mapenzi" na "rafiki". Ubeti wa pili umeweka ☀️ kwenye utao wa kwanza kabisa, na hapo msomaji hajui bado kama anatafuta -a au kitu kingine. Andika "wewe kwangu kama jua" kwa herufi, kisha ufiche hilo ua la mshororo wa pili.

Mama Wawili, Mombasa

Nami naongeza la ngeli, kwa kuwa nafundisha sarufi. Emoji haina kiambishi, lakini kitenzi cha Kiswahili kinaweza kukibeba kwa niaba yake. Badala ya "Leo napuliza 🎈", andika "Nimelipuliza 🎈". Hiyo -li- inamwambia msomaji kwamba neno lililofichwa ni la kundi la puto na maputo. Anayesema baluni angetarajia "nimeipuliza", kwa hiyo ulimi wake utakwama na atatafuta neno lingine. Hesabu: ni-me-li-pu-li-za pu-to, nane.

Njia hiyo haitakusaidia kwenye 🌸, kwa kuwa ua ni li- na waridi nalo ni li-. Hapo utegemee mizani na sura ya picha. "Nakuchumia na ua" ni nane, "nakuchumia na waridi" ni tisa, na anayeimba atahisi kuzidi. Vizuri ulivyochagua 🌸 na hukuchagua 🌹, ambayo kila mtu angeiita waridi.

Fundi Simu wa Kariakoo

Dada, uliza rafiki yako anatumia simu gani. Emoji hazikuingia zote kwa wakati mmoja. 🌙, 🎂, 🐟, 🎈 na 🌸 zilikuwemo kwenye orodha ya Yunikodi ya mwaka 2010, lakini 🥥 iliingia mwaka 2017. Simu ya zamani isiyopata tena masasisho huonyesha kisanduku kitupu mahali pa nazi, na kisanduku hakifumbuki kwa kitenzi wala kwa ngeli. Ukiwa na wasiwasi, piga picha ya skrini ya shairi lako umtumie kama picha.

Kijana wa Nakuru

Sasa nimeelewa, na nimekumbuka yaliyonipata. Nilimwandikia mke wangu "nakupenda kama 🐐" nikikusudia mbuzi, kwa sababu mstari wa juu uliishia "kazi". Alinipigia akiwa amekasirika, maana hakuona kina, aliona anafananishwa na mnyama. Je, tatizo langu lilikuwa kitenzi pia?

Malenga Mstaafu

La kwako lilikuwa maana, kijana. Kina kilikuwa sahihi. Neno linapofichwa, msomaji huitazama picha kwa muda mrefu kuliko ambavyo angelisoma neno, kwa hiyo picha ina uzito zaidi kuliko herufi. Mwombe radhi, kisha umfananishe na 🌙.

Binti, nina jambo moja zaidi. "Mapenzi" na "simanzi" zinaishia -nzi, na "mwezi" na "nazi" zinaishia -zi. Kwa kipimo cha wazee wangu hivyo ni vina viwili tofauti na shairi lina kasoro, ni guni. Ningeanza "Salamu nyingi azizi" na kufunga "Mola akupe pumzi, tukupigie 🎶". Vipande hivyo vyote vinatimiza mizani nane.

Mama Wawili, Mombasa

Hapo sikubaliani na Malenga. Watunzi wengi wa leo hupokea -nzi pamoja na -zi, kwa sababu sikio linasikia zi na n inapita puani tu. "Mapenzi" ni neno la kawaida ambalo rafiki atalipokea kwa moyo, na "azizi" linaweza kumfanya asimame kutafakari kabla fumbo halijaanza.

Malenga Mstaafu

Sikio lako na langu hayakulelewa pamoja, mwalimu. Mimi -nzi naisikia.

Binti wa Chumbageni

Nawashukuru sana wote. Swali la mwisho: nilitaka ubeti wa tatu wenye 🕯️ mwishoni, na mizani zimezidi moja. Je, naweza kuisoma "mshuma" kwa inkisari?

Malenga Mstaafu

Huwezi, kwa sababu inkisari lazima ionekane kwenye maandishi. Msomaji akiona 🕯️ atasema m-shu-ma-a, silabi nne, wala hana njia ya kujua kwamba umeikata. Maneno ya kufupishwa au kurefushwa yaandike kwa herufi, na picha ziachie maneno yanayotamkwa yote.

Binti wa Chumbageni

Nimeacha ubeti wa tatu. Shairi limekuwa hivi:

*Salamu nyingi azizi, nakupa wewe rafiki,*
*Umeng'ara kama 🌙, leo tunakata 🎂,*
*Nimekukunia 🥥, tule wali na 🐟,*
*Mola akupe pumzi, tukupigie 🎶.*

*Tangu tukiwa watoto, wewe kwangu kama jua,*
*Nimelipuliza 🎈, nakuchumia na 🌸,*
*Umevuka kila mto, kwa hatua na hatua,*
*Zitimie zako ndoto, na heri zikachanua.*

Kuhusu "azizi" na "mapenzi" bado nasitasita, kwa kuwa Mama Wawili amenigusa, na huenda nikabadilisha tena Ijumaa usiku. Lakini leo mchana nilimpa shangazi, ambaye hakuwahi kuliona, alisome kwa sauti akiwa jikoni. Nazi alisoma nazi, muziki akasoma muziki, na kwenye puto alianza kusema "ba", akanyamaza, akarudi kwenye "nimelipuliza" na kusema puto. Alipofika kwenye 🐟, kwa kuwa mumewe ni mvuvi, alisoma "tule wali na changu". Kisha akasimama, akahesabu kwa vidole, akaniuliza, "Mbona hapa pamepungua moja?" Kabla sijamjibu akasema mwenyewe, "Ah, samaki," akaendelea na mshororo wa nne.