Mrejesho: presha ya kaka aliyeumia uti wa mgongo

Niliuliza: “Kaka alivunjika shingo, anatumia mpira wa mkojo. Ghafla kichwa kinamgonga, uso unavuja jasho, presha juu. Nianze na nini?”

Asanteni sana wadau. Juzi ilijirudia hapa Igombe: 178/100, wakati kawaida yake ni 100/60. Nilimkalisha wima, miguu ikining'inia, nikalegeza mkanda wa suruali na kamba za mfuko wa mkojo. Ikashuka hadi 160 tu, maana chanzo kilikuwa palepale. Mpira haukujikunja popote, lakini mfuko ulikuwa mtupu na tumbo la chini limejaa.

Ule ushauri wa kusukuma mililita 10 za maji safi ya chumvi ulikwama, hayakuingia, sikulazimisha. Tukapanda bajaji, akiwa amekaa. Zahanati walitaka alale (hapo nilikuwa mbishi kweli), nikawaeleza kwamba kulala kunaipandisha zaidi. Walipobadilisha mpira mkojo ulitoka mwingi, na muda si mrefu ikawa 112/70. Mpira wa zamani ulizibwa na chengachenga nyeupe. Kuziba huko bado hatujakumaliza. Kwa sasa tunaubadilisha mapema zaidi.