Kwa nini thiamini itangulie dripu ya sukari kwa mnywaji? Naombeni msaada

Mwanafunzi_wa_Wodi:
Wakuu, habari za jioni. Nasomea uafisa tabibu, mwaka wa pili. Juzi wodini aliletwa baba mmoja, mnywaji wa gongo wa miaka mingi, kakonda, siku nne hajatia kitu tumboni. Sukari yake ilisoma 4.2. Mwenzangu akataka amtundikie dripu ya glukosi apate nguvu, dada wa zamu akamkatalia: "Thiamini kwanza." Nilipouliza sababu nikaambiwa nikasome.

Nimesoma, nimechanganyikiwa zaidi. Thiamini, riboflavini na niasini, zote vitamini B, zinatajwa kusaidia kuvunja sukari. Kwa nini basi iwahishwe moja tu? Na sukari, ambayo ni chakula, inamdhuruje mtu mwenye njaa?

Kijiwe_Nongwa:
Vitamini B ndizo zinazotoa nguvu mwilini, mdogo wangu. Mlevi hana nguvu, anaongezewa. Hakuna fumbo hapo.

Dereva_wa_Masafa:
Mimi nikimeza B komplex mkojo unakuwa njano kama soda ya nanasi. Je, figo zangu zina shida?

Mama_Maabara:
Dereva, hiyo njano ni riboflavini iliyozidi, figo zinaitoa tu. Kijiwe, umepatia nusu: nguvu inatoka kwenye sukari yenyewe, vitamini ni vifaa vya mafundi wanaoivunja.

Mwanafunzi, kaa mahali pamoja tu, pale piruveti inapogeuzwa kuwa asetili koenzaimi A. Thiamini na riboflavini na niasini zinakutana hapo, lakini kila moja ina kazi yake. Glukosi moja imeshakatwa ikawa piruveti mbili, kila moja ina kaboni tatu. Thiamini, ikiwa katika umbo la TPP, inaishika piruveti na kuing'oa kaboni moja, ambayo hutoka kama hewa ya CO2. Kaboni mbili zilizobaki zinapokewa na mkono wa asidi ya lipoiki, unaozikabidhi kwa koenzaimi A. Kazi kuu imekwisha, ila mkono umebaki na mzigo wa haidrojeni na hauwezi kupokea tena. Riboflavini, kwa jina la FAD, inaupakua. FAD nayo inamkabidhi NAD, ambayo ni niasini, na NADH inaupeleka mzigo kwenye mnyororo wa mwisho wa mitokondria.

Sasa ondoa thiamini. FAD na NAD zipo, zimekaa bure, maana hakuna kinacholetwa. Piruveti inarundikana na kugeuzwa asidi ya laktiki. Ukimwaga glukosi juu yake unaongeza foleni kwenye mlango uliofungwa, na ubongo, unaotegemea sukari kuliko kiungo kingine, unaumia kwanza.

Mwanafunzi_wa_Wodi:
Asante sana mama. Lakini mbona niasini na riboflavini haziwahishwi? Mlevi si anazikosa pia?

Mama_Maabara:
Anazikosa, na pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, kwa walevi ipo. Tofauti ni akiba. Mwili mzima una thiamini kama miligramu 30 tu, mtu asiyekula anaimaliza kwa wiki mbili tatu, na pombe inazuia utumbo kuifyonza. Niasini mwili unaweza kuitengeneza kiasi kutoka kwenye protini. FAD imeng'ang'ania kwenye vimeng'enya vyake, haiponyoki haraka.

Tabibu_wa_Bara:
Niongeze la wodini. Mwangalie macho: yanachezacheza au hayafiki pembeni? Akisimama anayumba hata pombe ikishamtoka? Anachanganya siku? Hizo ni dalili za Wernicke, ugonjwa wa ubongo unaoletwa na kukosa thiamini, na usisubiri zitimie zote tatu, wengi hawazionyeshi pamoja. Mpe thiamini ya mshipa, ya kumeza haitoshi. Lakini usiifanye kanuni ya kukariri: angekuja na sukari 2.1 akiwa amezimia, ungempa glukosi papo hapo na thiamini pamoja nayo. Huyo wako wa 4.2 alikuwa na nafasi ya kusubiri.

Kijiwe_Nongwa:
Kumbe. Sasa kwa nini asipewe mafuta badala ya sukari? Mafuta hayapiti piruveti.

Mama_Maabara:
Leo umeuliza la maana! Kweli, mafuta yanaingia yakiwa asetili tayari. Ila mbele kwenye mzunguko wa Krebs kuna mlango wa pili unaofunguliwa kwa TPP hiyohiyo, kwenye alfa-ketoglutareti. Tena ubongo hauchomi mafuta moja kwa moja.

Mwanafunzi_wa_Wodi:
Nimeelewa. Dozi je? Kitabu chetu kinasema miligramu 100 kwa siku, mwalimu mmoja anasema 500 mara tatu.

Tabibu_wa_Bara:
Hapo tunabishana hata sisi wenyewe. Ile 100 ni ya zamani, na kwa Wernicke inayoshukiwa mimi sihangaiki nayo, naenda na 500 mara tatu kwa siku, dripu ya nusu saa. Wenzangu wengine wanaona nazidisha. Wewe fuata mwongozo wa wodi yako, halafu usiku mwangalie macho tena.

Dereva_wa_Masafa:
Kwa hiyo niendelee kumeza au niache?