Pikapu ya kubebea viazi Mlalo: kirikuu safi au Hilux iliyochoka?

Mkulima_Mlalo: Habari zenu wakuu. Nalima viazi na kabichi huku Mlalo, Lushoto. Kila siku ya soko nashusha gunia 8. Njia ni ya udongo, kona na miteremko, masika utelezi mtupu. Juzi gari la kukodi lilinasa, kabichi zikalala mvuani siku 2, nusu zikaoza. Fedha niliyonayo inanunua kirikuu nzuri au Hilux kuukuu ya dizeli, isiyo fo wili. Nichukue ipi?

Kaka_Tabata: Kirikuu, usijiulize mara mbili. Yangu nasambazia maji ya chupa mwaka wa 3 huu, mafuta inanusa tu.

Mama Kabichi: Kaka, Tabata unapanda mlima gani? Mwenzio anauliza habari za Mlalo.

Fundi_Soni: Mkuu, anza na mzigo. Gunia 8 za kilo 100 ni kilo 800, na hapo sijataja lumbesa. Kirikuu ya cc 660 imeundwa kubeba kilo 350. Siku ya kwanza itabeba, na hapo ndipo watu wengi wanadanganyika. Baada ya miezi springi zinalala, tairi inaanza kusugua bodi. Kubaya zaidi ni kushuka: breki zinachemka, unakanyaga pedali inazama.

Dogo_Spea: Si anaongeza majani ya springi tu? Wote wanafanya hivyo.

Fundi_Soni: Ni kweli, bodi itanyanyuka. Ila breki, ekseli na chesesi ni zilezile. Kwa gunia 3 kila safari, kirikuu ningempa. Kwa 8, Hilux, mradi chesesi iwe nzima. Lala chini na tochi, tazama nyuma ya kabini na pale springi zinaposhikwa. Ukiona rangi mpya kipande kimoja tu, kwangua: mara nyingi chini yake kuna weldi. Halafu injini ikiunguruma, fungua kifuniko cha oili. Moshi ukisukuma kwa nguvu, ringi zimekwisha.

Mama Kabichi: Yangu nayo inavuta nyuma tu. Ikiwa na mzigo inapanda vizuri, ikirudi tupu ndipo inateleza. Huwa naweka mifuko 3 ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma.

Fundi_Soni: Mama, mchanga unasaidia, lakini masika njia ya kwenda Mtae mimi siendi bila fo wili.

Mama Kabichi: Mimi nimeipita miaka, na minyororo kwenye tairi.

Mkulima_Mlalo: Ahsanteni sana. Jumapili naenda kuiona na tochi. Fundi, nikikuta weldi nyuma ya kabini, kuna namna ya kuirekebisha?

Fundi_Soni: Iache hapohapo, mkuu. Tafuta nyingine.