Kukata picha za kurasa: programu ya simu, ScanTailor, au nimpe kijana wa saiba?

Kitabu_Kayole
Wadau, habari zenu. Nimepiga picha kitabu cha historia ya ukoo wetu, kurasa 184. Hakichapishwi tena na nakala hii ni ya baba mdogo. Herufi zinasomeka vizuri, lakini kila picha imebeba kitambaa cha meza chenye maua, vidole vyangu, na ule ukingo uliojikunja kama chapati. Nataka ukurasa peke yake. Nilipie programu ya simu, nijifunze ScanTailor kwenye kompyuta, au nimwachie kijana wa saiba pale River Road anayetaka shilingi 10 kwa kila ukurasa?

Shiro_Zima
vFlat, usijisumbue. Nilipigia noti zangu zote za chuo. Inanyoosha ukurasa na kufuta vidole yenyewe.

Mzee_Kalamu
Kijana, hujatuambia chochote. Picha moja ina ukurasa mmoja au miwili? Vidole vimefunika maandishi au viko kwenye nafasi nyeupe? Unataka kusoma kwenye simu au kuchapa? Na kitabu bado unacho?

Kitabu_Kayole
Samahani mzee. Ukurasa mmoja kwa kila picha, simu wima, pikseli 3000 kwa 4000. Vidole viko pembeni isipokuwa kurasa kama sita. Nataka PDF ya kuchapa nakala kumi za familia. Kitabu ninacho, ila nakirudisha Jumapili.

Otis_Umoja
Bana, hiyo si kazi ya pesa. ImageMagick inaondoa kila kitu kisicho ukurasa:

```
magick IMG_0412.jpg -fuzz 15% -trim +repage ukurasa.png
```

Izungushe kwenye folda nzima, kisha unywe chai.

Mzee_Kalamu
Otis, amri ni sahihi lakini meza si sahihi. `-trim` haijui ukurasa ni nini. Inaangalia rangi ya pembe za picha, halafu inamenya kutoka nje kwenda ndani mpaka ikutane na rangi tofauti. Kwenye kitambaa cheusi kisicho na kidole ingefaa. Kwenye kitambaa cha maua itakwama kwenye ua la kwanza, na ukiongeza `-fuzz` itaanza kula karatasi yenyewe.

Kayole, tatizo lako kubwa ni ule mkunjo. Kukata ni kuchora mstatili, na ukurasa wako si mstatili. Ukibakiza herufi zote, kitabaki kipande cha meza chenye umbo la mwezi mwandamo. Ukikiondoa hicho, unakata vichwa vya herufi karibu na mgongo wa kitabu. Hata zile programu za kuburuta pembe nne hazimalizi. Zinarekebisha ukurasa uliopigwa kwa upande, lakini tumbo lililo kati ya pembe mbili linabaki pale pale. Kwa hiyo nyoosha kwanza, ndipo ukate.

Dago_Kusini
Kabla hujagusa picha hata moja, nisikilize. Mwaka jana nilipiga kitabu cha mapishi cha shosho, kurasa 120 hivi. Nikapima ukurasa mmoja kwa makini, nikaona mstatili wangu uko sawa kabisa, nikaandika hii:

```
mogrify -crop 2000x2900+480+610 +repage *.jpg
```

Ikakimbia vizuri. Nikafungua picha ya kwanza, safi. Ya tatu, safi. Nikalala. Kesho yake nafungua ya pili: mwanzo wa kila mstari haupo! Nilikuwa nimepima ukurasa wa kulia, na kurasa za kushoto zilikuwa zimesogea karibu sentimita mbili, kwa sababu nilikuwa nageuza karatasi bila kusogeza kitabu. Nusu nzima ya kitabu imekatwa. Nikasema si neno, narudia na picha za asili. Zipi? `mogrify` inaandika juu ya faili ile ile. Kitabu kilikuwa kimesharudi Nyeri, na shosho anauliza nakala yake iko wapi. Mpaka leo kuna mapishi yanayoanza na "ga vikombe viwili", na hatujui ni vikombe viwili vya nini.

Tengeneza folda nyingine kwanza, kisha uweke `-path kata` ndani ya amri. Na pima kushoto peke yake, kulia peke yake.

Otis_Umoja
Pole sana ndugu. Ila "ga" ni unga, hiyo mbona rahisi.

Dago_Kusini
Au mboga. Mstari umekatika, Otis.

Shiro_Zima
Ndiyo maana nasema vFlat. Hakuna amri, hakuna kilio.

Mzee_Kalamu
Kwa noti za kusoma, sawa, binti yangu. Lakini kidole kikiwa juu ya neno, programu inapaka rangi ya karatasi tu. Neno halirudi. Zile kurasa sita Kayole azipige upya kabla ya Jumapili, hakuna njia nyingine.

Zilizobaki ningetumia ScanTailor. Mwanzoni itakuuliza DPI, yaani pikseli ngapi kwa kila inchi, kwa kuwa picha ya simu haijui ukubwa wa karatasi. Kitabu kama ni A5, urefu wake ni milimita 210, yaani inchi 8.27. Ukurasa ukichukua pikseli 2900 kwa urefu, gawanya, unapata karibu 350. Hiyo inatosha kuchapa. Kwenye Select Content itaweka kisanduku yenyewe, na mara nyingine itadhani kidole ni maandishi. Kiburute kwa mkono, na usikibane sana kwenye ukurasa uliojikunja. Margins itakurudishia nafasi nyeupe mpya pande zote, kwa hiyo usihuzunike ukikata ile ya asili pamoja na vidole. Kunyoosha kuko kwenye Output, sehemu ya Dewarping. Auto ikikosea, chagua Manual, ulaze mstari wa juu wa gridi kwenye sentensi ya kwanza na wa chini kwenye ya mwisho. Kipande cha kidole kikibaki, kizungushie kwenye Fill Zones.

Kitabu_Kayole
Asante mzee. Nimejaribu kurasa nane. Saba ziko poa. Ukurasa wa 97, karibu na mgongo, herufi zimebanana hata baada ya kunyooka.

Mzee_Kalamu
Pale karatasi ilikuwa imesimama karibu wima mbele ya kamera. Programu inavuta herufi, haiongezi kilichokosa kupigwa. Nunua kioo kwa fundi wa madirisha, asage kingo, ukilaze juu ya ukurasa. Karatasi inalala na vidole huvihitaji tena. Zima taa ya juu, tumia mwanga wa dirisha wa ubavuni.

Shiro_Zima
Kioo juu ya kitabu cha zamani? Mgongo utapasuka. Baba mdogo atakukana.

Mzee_Kalamu
Usikandamize. Uzito wa kioo unatosha.

Shiro_Zima
Bado sikubali. Na ukichapa, chapa nyeusi na nyeupe, wino ni ghali.

Otis_Umoja
Kitabu kina picha? Kama kina picha, nyeusi na nyeupe kabisa itageuza nyuso za wazee kuwa madoa. Weka Mixed.

Kitabu_Kayole
Kina picha 11 za wazee. Huyo wa saiba ameshuka hadi shilingi 7, lakini nilipomuuliza kuhusu mkunjo akasema "hiyo tutakata tu".

Dago_Kusini
Kimbia.

Otis_Umoja
Kayole, ukoo gani kwanza? Shosho yangu pia alikuwa na kitabu cha hivyo, jalada la kijani.

Kitabu_Kayole
Hiki pia ni cha kijani! Njoo inboksi. Wengine, nani anajua fundi wa kioo aliye wazi Jumamosi upande wa Eastlands?