Vitu vitatu darini, kipi ni alamu ya moshi?

Mama Rehema, Glasgow
Habari zenu ndugu. Tumehamia fleti mpya, nimeambatisha picha tatu za dari: sebuleni, jikoni na koridoni. Jana nimekaanga samaki hadi jiko likawa halionekani, na kile cha jikoni hakikulia hata kidogo. Kimekufa?

Juma, Leeds
Shemeji, tazama taa. Nyekundu ni ya moshi, kijani ni ya joto. Na cha jikoni siku zote ni cha joto.

Mzee Kombo, Aberdeen
Juma, hilo la jikoni umepatia kwa huku Scotland, ila la taa sahau. Kijani mara nyingi ni kwamba umeme unafika tu.

Mama Rehema, ikuze picha ya jikoni. Katikati kuna kijikapu cha plastiki kilicho wazi, ndani yake kitu kidogo kama punje ya mtama. Hicho ndicho kinachopima joto. Alamu ya namna hiyo hulia hewa ya darini ikifika kati ya nyuzi 54 na 65. Moshi wa samaki haiujui. Tangu Februari 2022 kila jiko huku linatakiwa liwe nayo, la sivyo kila chapati ingekuwa king'ora.

Cha sebuleni katikati pamezibwa, ila pembeni kuna nyufa nyembamba zinazozunguka. Moshi huingilia hapo. Hicho ni cha moshi.

Cha koridoni sikisemei. Umepiga kutoka chini kabisa, na mwanga wa kamera umekifanya sahani nyeupe tupu. Zima huo mwanga, panda kiti, piga kwa ubavuni.

Mama Salma, Leicester
Cha koridoni ni kamera hicho! Kazini kwetu kipo, nikipita tu kinawaka nyekundu. Nyumbani nacho cha moshi hakipendi udi wangu, nikakivisha kofia ya kuogea nikaisahau wiki mbili.

Mzee Kombo
Dada, ivue leo hiyo kofia. Hicho cha kazini kina kioo cheupe kama maziwa chenye vipande kama masega ya nyuki? Basi ni sensa ya mwendo, inahisi joto la mwili likipita. Haipigi picha.

Mama Rehema
Nimepanda kiti. Cha koridoni kina nyufa pembeni, na punje pia ipo!

Mzee Kombo
Zipo zinazofanya yote mawili. Soma maandishi ya ubavuni: `EN 14604` ni moshi, `BS 5446-2` ni joto. Usikizungushe kukitoa, kimeungwa na umeme wa nyumba.

Mama Rehema
Hayasomeki, yamepakwa rangi ya dari.

Mzee Kombo
Na nyufa?

Mama Rehema
Upande mmoja zimeziba.

Mzee Kombo
Kwa hicho, sasa mpigie mwenye nyumba. Rangi haikwanguliwi, kinabadilishwa.